Mwalimu Aliyebania "Sana"

Kuna watu ukiwapikia wanasema chakula kitamu hata tonge halijafika mdomoni. Mwalimu hakuwa mmoja wao. Alikula, akamaliza, akanawa mikono, akakaa kitako, na wewe umekaa mbele yake roho juu, mpaka ushindwe uulize mwenyewe: "Vipi, Mwalimu?" Hapo anakutazama kana kwamba umemuuliza siri ya nyumba ya mtu. "Si mbaya," anasema. Wageni walikuwa wanakasirika. Mke wa binamu yangu aliapa hatomkaribisha tena maisha yake.

Sisi tuliomjua hatukukasirika, maana ngazi zake tulizihifadhi. Chini kabisa ilikuwa "mh", na hiyo ukiipata bora ukae kimya. Juu yake "haidhuru". Halafu "si mbaya", ambayo ilikuwa ya watu wengi, siku nyingi. Halafu "si haba", na hapo mtu alikuwa na haki ya kwenda kumhadithia mumewe. Kileleni ilikuwa "nzuri". Nzuri kavu, bila ya sana, bila ya mno, bila ya kabisa. Juu ya hiyo hapakuwa na neno la binadamu, ilibaki mashaallah tu, na hiyo haikuwa sifa yake, alikuwa anamrejeshea Mungu. Mimi nimemjua zaidi ya miaka thelathini na nilikuwa nimefika "si haba" mara mbili.

Alinisomesha Kiingereza skuli ya wasichana, hapa hapa Maskati, na baadaye Mungu akamleta akawa jirani yangu Khuwair ya Kusini, ukuta kwa ukuta, hata nikikaanga samaki anajua samaki gani. Darasani alitukataza "very". Ukimwandikia insha yenye "very" tatu, alizizungushia duara kwa penseli nyekundu na kukwambia: "Hii ni pilipili. Umeimwaga kwa sababu mchuzi wenyewe hauna ladha." Lakini adui yake mkubwa hakuwa "very". Adui yake alikuwa "nice". Tukiandika "My mother is nice", alisimama katikati ya darasa akauliza: "Nice vipi? Nice kama biskuti? Nice ni neno la mtu aliyepita bila ya kutazama." Mtoto mmoja aliwahi kulia, maana mamake alikuwa nice kweli, na hakujua aseme nini tena. Mwalimu akamwambia aandike mamake anafanya nini asubuhi. Akaandika kwamba anamsuka nywele huku amesinzia. Mwalimu akaweka "Good", bila ya "very", na yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima ana wajukuu, bado analo hilo daftari.

Nikisema alikuwa bahili wa maneno nitakuwa nimemsingizia. Aliyajua maneno kuliko yeyote, na aliyapenda. Ilikuwa hataki tu yatumike ovyo. Alipenda kutuonesha kwamba Kiswahili hakina pilipili moja ya kumwagia kila kitu. "Giza ni totoro," alikuwa akihesabu kwa vidole, "kimya ni jii, nyeusi ni tii, nyeupe ni pee, kulala ni fofofo, kujaa ni pomoni. Kila kimoja na chake. Huwezi kulala totoro wala kunyamaza fofofo. Mzungu yeye ana very moja, anaivisha kila mtu kanzu hiyo hiyo." Na "kabisa" aliiheshimu pekee. Alisema sana ina juu yake na chini yake, lakini kabisa haina jirani. Chungu kimekwisha au hakijakwisha. Mtu kafa au hajafa.

Halafu alikuwa na kigeugeu chake, maana mtu gani hana. Huyo aliyekunyima wewe "sana" kwa biriani uliyoisimamia tangu alfajiri, ikinyesha mvua Maskati, na unajua mvua yetu inakuja kwa nadra, alitoka barazani na mtandio umeteleza, akanyoosha mikono, akapiga kelele: "Tamu! Tamuuu! Tamu hasa, jamani, tamu haisemeki!" Zote alizotunyima anamwagia mawingu. Na akipigiwa simu na benki alikuwa "absolutely" na "wonderful" na "perfect" mpaka unageuka kutazama ni nani anayezungumza. Nikamwuliza siku moja mbona benki inapata wonderful na miye napata si mbaya. Akasema: "Wale siwajui, na siwapi kitu. Yale ni makaratasi ya kufungia. Weye nnakupa kitu chenyewe."

Kazi yangu ilikuwa kinyume chake, na tukicheka sana juu ya hilo. Nafanya kazi ya kujibu maoni ya wageni wa hoteli, ofisi yetu iko mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Wageni wakiandika kwa Kiarabu au Kiswahili nawafasiria kwa Kiingereza, wakiandika kwa Kiingereza nawajibu. Mtu akikaa katika kazi hiyo mwaka mmoja anajua bei ya kila neno. "Awesome" maana yake kifungua kinywa kilikuja cha moto. "Amazing" maana yake kilikuja na tabasamu. "Great" ni salamu tu. "Good" inapelekwa kwa meneja, maana kuna kitu mgeni hakukipenda na ana adabu. Na mgeni akiandika "It was nice", basi huyo hatumwoni tena, kaagana nasi. Ukali wa neno unapanda kwa sababu kila mtu anapanda, na anayebaki chini anaonekana kanuna. Kwa hiyo mwenzangu akiniwekea mezani sentensi ya bibi mmoja wa Sur, "chumba kizuri, ahsanteni," mimi siandiki "nice room". Naandika "We absolutely loved our room." Sidanganyi. Yule bibi alipenda chumba, na hivyo ndivyo mtu anayependa chumba anavyosema Kiingereza sasa.

Mwalimu nikimhadithia alikuwa akitikisa kichwa. "Awesome yao ilikuwa ya hofu," alisema, "ya mtu kusimama akatetemeka mbele ya Mungu wake. Leo ya sandwichi." Lakini alikuwa mwadilifu, hakuwacheka wao tu. "Na sisi je? Hatari ilikuwa ya waya wa umeme uliokatika. Leo vijana wa Dar wanasema biriani tamu hatari. Mzuri balaa. Kali. Noma. Kila kilichokuwa kinatutisha tumekifanya kachumbari." Nikamwambia lugha ndivyo zilivyo. Akasema anajua, kwani yeye alikuwa akisomesha nini, kushona?

Sasa ndipo anapoingia Prossy.

Prossy alikuwa binti wa Kiganda, alikuja kumfanyia kazi Mwalimu wakati macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Mrefu, mcheshi, Mkristo wa kwenda kanisani kila Ijumaa, maana hapa ndiyo siku ya mapumziko, na alikuwa na sifa za kugawia mtaa mzima. Kwake kila kitu kilikuwa juu ya paa. "Mwalimu, hii mchuzi ni very tamu sana!" Mwalimu anamjibu: "Prossy, umeufunga mbele na nyuma, utapumua wapi?" Na kweli ndivyo tunavyofanya sote tunaochanganya. Kiingereza kinaweka chake mbele, Kiswahili kinaweka chake nyuma, na neno lenyewe katikati limebanwa kama abiria. Sisi wa hapa tunasema "so nzuri sana" na hatujisikii. Prossy aliongeza na ya Waarabu, akawa na tatu: "Wajid nice sana, Mwalimu!" Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Basi akaanza kumsomesha Prossy. Kila baada ya alasiri, Kiingereza na Kiswahili, Prossy akisoma kwa sauti na Mwalimu amefumba macho. Sikufurahi, nasema kweli yangu. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Sasa nikibisha hodi nawakuta wamekaa, kitabu kati yao, na mie naambiwa karibu, chai iko jikoni. Na watoto wa mtaa wakaanza kuja. Prossy aliwakalisha barazani akawasomesha herufi kwa nyimbo, na hata yule wangu wa mwisho, ambaye kwangu mimi hashiki kitabu, alikuwa anakimbilia kule.

Ikaja siku mtoto wa Mwalimu akaamua mamake ahamie kwake, Ansab, ambako tayari wana mfanyakazi. Prossy akawa hana nyumba ya kufanyia kazi, na kibali chake kilibakia wiki sita. Lakini kulikuwa na chekechea moja Qurum inatafuta msaidizi wa mwalimu. Wakimchukua, wanahamisha kibali, anaacha ndoo na ufagio, anasimama mbele ya watoto. Wasipomchukua anapanda ndege kurudi kwao Masaka. Akafanya usaili, wakampenda. Wakasema wanataka kitu kimoja tu: barua ya bosi wake.

Wiki hiyo hiyo, na hili ndilo linaloniuma, mimi nilikuwa nimemaliza hadithi zangu za watoto. Nilikuwa nikiziandika kwa Kiswahili miaka minane, wala mtu hajui ila Mwalimu. Nikamsomea zote, siku tatu mfululizo, sauti imenikauka. Nikafunga daftari nikangoja. Akakaa. Akapapasa kikombe chake. "Si haba," akasema.

Nikaenda nyumbani nikajiambia si haba ni kubwa kwake, unazijua ngazi. Nilizijua. Lakini nilikuwa nimeitaka ile ya kileleni, nimeitaka tangu nina miaka kumi na tatu.

Siku mbili baadaye akaniita nimwandikie barua ya Prossy, maana yeye haoni; yeye aseme kwa Kiswahili, mimi nifasiri kwa Kiingereza. Nikafungua kompyuta mapajani. Akakaa wima kama yuko mbele ya ubao. Akasema: "Andika. Prossy amekaa nami miaka minne. Mwaminifu. Watoto wanamtaka, naye anawajua." Akaongeza: "Kazi yake nzuri. Hana neno."

Nzuri. Hivi hivi, mchana kweupe, kwa mtu aliyemjua miaka minne tu. Na Prossy alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akasikia, na machozi yakamjaa, maana naye ngazi alikuwa anazijua.

Mikono yangu ikaandika, "Her work is excellent." Hiyo ndiyo iliyokuwa sawa, na hata "excellent" kwa chekechea ya Qurum ilikuwa ndogo, ningeweka "outstanding" na ningekuwa bado namfasiri kwa haki. Nilikuwa nafanya hivyo kwa kila mgeni wa hoteli nisiyemjua. Nikaitazama hiyo excellent. Nikaifuta. Nikaandika, "Her work is nice. There is no problem with her." Nikajiambia, si ndiyo aliyosema? Nzuri, nice. Hana neno, no problem. Mwalimu mwenyewe hapendi chumvi. Nikamwelekeza kidole mahali pa kutia saini, akatia saini, bila ya kuona.

Chekechea walimchukua mwengine. Mkuu wao alimpigia Prossy simu kwa adabu nyingi. Alimwambia barua ilikuwa nzuri, lakini wao wanataka mtu ambaye bosi wake anamsifu kwa moyo, na bosi wake kasema yeye ni nice tu. Prossy hakuelewa. Akaja kumwambia Mwalimu kama alivyoambiwa.

Mimi nilikuwepo. Nilingoja anigeukie, anipigie kelele, nice, wewe uliyesoma kwangu, unaandika nice! Hakunigeukia. Aliweka mkono kifuani akasema: "Mimi huyo. Nlimpa mtoto wa watu neno dogo. Watu washapanda juu, miye nimekaa chini na nzuri yangu, wao wakasikia nice." Hakunishuku hata chembe. Aliamini nimeandika kilichoandikika, kwamba hapakuwa na neno jengine katika Kiingereza cha siku hizi la kubeba nzuri yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Wiki sita zikaisha. Prossy akaondoka na sanduku moja, na watoto wa barazani wakabaki wanaimba herufi mpaka M, maana hapo ndipo alipowafikisha.

Baada ya hapo Mwalimu alibadilika, na mwanzoni kila mtu alifurahi. Kule Ansab wakwe walisema bibi kawa mtamu uzeeni. Kila kitu ni amazing. Chai ni awesome. Dereva akifungua mlango, "super, super sana". Mjukuu akileta kichoro cha mistari miwili, anakishika karibu na pua, hakioni, anasema "Fantastic!" Mkewe mwanawe ananiambia, "Umeona alivyolainika?" Nami nakubali kwa kichwa, ndani naungua. Mimi ndiye niliyeona kwamba haulizi tena kitu kikoje. Alikuwa akigawa tu. Anaogopa asije akamkosesha mtu mwengine riziki.

Mara ya mwisho nilikwenda baada ya alasiri. Amekonda, amekaa kitandani, mfanyakazi kamwekea mto mgongoni. Akaniuliza kama nina nambari ya Prossy. Nilikuwa nayo, tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu. "Mpigie," akasema, "nna deni la maneno." Nikampigia, nikaweka sauti kubwa, nikamshikia simu mdomoni.

"Prossy!" akasema, kwa ile sauti mpya. "My awesome girl! You are amazing, Prossy, amazing sana, the best kabisa!"

Ikasikika mashine ya kukaushia nywele, Prossy sasa anasuka saluni kwao. Halafu akasema: "Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unaongea kama tangazo ya redio? Mimi sitaki hiyo. Hiyo hata wateja wangu wananipatia kila siku." Sauti yake ikashuka. "Nipatie ile yako, Mwalimu. Ile ya zamani."

Mwalimu akajibu: "Ile ndiyo iliyokuponza, mwanangu. Sithubutu tena."

Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na mazoezi. Lakini nilimtazama yule mwanamke aliyetufunza kuchagua, anaogopa neno moja, na nikaona nikitoka nalo hili Ansab sitalala tena.

"Mwalimu," nikasema, "ile nice niliiandika mimi."

"Kwani nani mwengine? Miye macho sina."

"Sikukosa neno. Nilikuwa nimeandika excellent. Nikaifuta."

Kule saluni ile mashine ikazimwa.

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Kwa sababu yeye ulimpa nzuri. Miye miaka yote ile hukunipa zaidi ya si haba."

"Na ulijua watu wa Qurum wataisoma vipi?"

"Nilijua."

"Ulijua kidogo, au ulijua?"

"Nilijua kabisa, Mwalimu."

Alifumba macho. Nikadhani kalala, au zaidi. Halafu akapapasa, akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika mwenyewe.

"Prossy, upo?"

"Niko, Mwalimu."

"Kazi yako ilikuwa nzuri."

Hakuongeza kitu. Kule Masaka mtu mzima alianza kulia kwa sauti, anasema ahsante, ahsante Mwalimu, na Mwalimu amekaa anasikiliza mpaka mwisho, uso wake umetulia kama zamani darasani. Kisha akairudisha simu, akaielekeza nilipo bila ya kunigusa.

Nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Nikamwambia, "Nisamehe, Mwalimu." Nikasema tena, nikaongeza sana, nikaongeza mno, sijui niliongeza nini.

Akaunyoosha mkono, akanipigapiga bega mara mbili, kama apigwavyo mgeni wa hoteli.

"No problem, dear," akasema, kwa Kiingereza kisafi. "You are awesome."